Barua kwa Mteja Aliyenyamaza

Barua ya kumuuliza mteja aliyekaa kimya muda mrefu kama kazi iendelee au jalada lifungwe haiandikwi kabla jalada lenyewe halijasomwa upya. Mwandishi hutafuta humo mambo matatu: hatua ya mwisho iliyofikiwa, fedha zilizolipwa, na vitu vya mteja vilivyobaki ofisini.

Mfano ni wa msanifu majengo aliyekubali kuchora ramani za nyumba kwa shilingi 3,000,000. Mteja alilipa 1,200,000, akatumiwa mchoro wa awali mwezi Machi ili auridhie, kisha hakujibu tena. Mwezi Septemba msanifu anapiga hesabu na kukuta kazi iliyokwisha fanyika, kwa viwango vya mkataba, ni ya shilingi 900,000. Kwa hiyo shilingi 300,000 bado ni mali ya mteja, na nakala ya hati ya kiwanja chake imo ndani ya jalada.

Barua yenyewe huwa fupi:

"Mchoro wa awali wa nyumba yako ulitumwa tarehe 14 Machi, na kazi imesimama ikisubiri maoni yako. Tunaomba utujulishe kufikia tarehe 30 Septemba uamuzi wako: (1) kazi iendelee, au (2) jalada lifungwe. Ukichagua kufunga, tutakurudishia shilingi 300,000 zilizobaki pamoja na nyaraka zako. Tusipopata jibu, tutalifunga jalada tarehe hiyo. Ukitaka kurudi baadaye, tutaanza kwa makubaliano mapya ya bei."

Machaguo ni mawili ili mteja aweze kujibu kwa neno moja. Tarehe nayo lazima itajwe, kwani "tunasubiri jibu lako" huliacha jalada wazi bila kikomo. Lawama hazina nafasi: huenda mteja amefiwa, ameugua au ameishiwa fedha, na akilaumiwa ataona aibu kujibu. Kama ni yeye anayedaiwa, deni liandikiwe barua yake, maana swali likichanganywa na dai, mteja husoma dai peke yake.

Barua hutumwa kwa baruapepe, kisha ujumbe mfupi wa simu humwarifu mteja kwamba imetumwa. Baruapepe ikirudi au namba ikiwa haipatikani, kimya hicho si jibu; hutafutwa njia nyingine, kama anwani ya posta iliyo kwenye mkataba.

Tarehe ikipita bila jibu, mkataba husomwa kwanza kuona unasemaje kuhusu kusitisha kazi na muda wa notisi. Ukiruhusu, hutumwa barua ya pili inayosema jalada limefungwa, ikitaja tarehe, hesabu ya fedha na mahali nyaraka zilipohifadhiwa. Fedha zilizobaki huendelea kuwa za mteja hata jalada likishafungwa.