Riba ya Machi unaipeleka wapi?

Kama umelelewa na mzazi aliye kwenye chama cha akiba na mikopo, yaani sako, unajua raha ya mwezi wa tatu. Mkutano mkuu wa mwaka ukiisha, riba inalipwa. Kwetu Njoro mamangu, mwalimu wa primari, alikuwa anarudi kutoka Nakuru mjini na viatu vya shule, unga wa kutosha na kuku. Hatukuwahi kuuliza ile pesa ingefanya nini kama angeiacha huko.

Mimi nilikuja kuuliza nikiwa nimeshaacha chuo kwa sababu ya karo, nimekaa na statementi zake mezani. Kabla hujaanza kumlaumu, viatu vilihitajika. Lakini hesabu nayo ina ukali wake, na wewe bado una miaka mbele, kwa hivyo tuifanye pamoja.

Tuseme unaweka elfu moja kila mwezi, 12,000 kwa mwaka, na sako inalipa riba ya asilimia 10. Ili tusichoke, chukulia kila mwaka unaiweka yote Januari. Kusema ukweli sako huhesabu kwa miezi: shilingi ya Januari inafanya kazi miezi 12, ile ya Desemba mmoja tu, kwa hivyo ukiweka kidogokidogo utapata chini kidogo ya hapa.

Mwaka wa kwanza riba ni 1,200. Wewe unaichukua, unakula nyama choma. Mwenzako anaambia sako imrudishie kwenye akiba yake. Mwaka wa pili wewe una 24,000 ndani, riba yako ni 2,400. Yeye ana 25,200, riba yake ni 2,520. Amekushinda na bob 120. Hiyo ni chapati na chai, si kitu cha kumnyima mtu usingizi.

Na hapo ndipo wengi wetu tunadanganyika. Hata baada ya miaka mitano, ukijumlisha akiba yako na riba zote ulizokula ni 78,000, na yeye ana kama 80,590. Unamcheka. Lakini angalia mwaka wa nane: riba yake ya mwaka huo mmoja ni kama 13,700. Imepita ile 12,000 anayoweka kwa jasho. Kuanzia hapo pesa inaweka akiba zaidi yake. Yako bado inapanda kwa ngazi ileile, 1,200 zaidi kila mwaka, kwa sababu riba inahesabiwa juu ya ulichoweka peke yake.

Miaka 20 ikifika, nyote wawili mmetoa mfukoni 240,000. Wewe jumla yako, na riba ulizokula, ni 492,000. Yeye ana takriban 756,000. Mwaka wa 20 peke yake umempa riba ya 68,700. Wewe umepata 24,000. Yaani ile tofauti kubwa imetokea nusu ya mwisho, wakati wengi wameshatoa pesa kununua pikipiki. Kwa mwaka wa 10 pengo lilikuwa kama 24,400 tu, na kwa mwaka wa 20 ni kama 264,000.

Sasa, usidhani hiyo asilimia 10 ni ahadi. Sako hutangaza riba kila mwaka kulingana na faida, na mwaka mbaya inashuka. Bei za vitu pia zinapanda, kwa hivyo 756,000 ya wakati huo haitanunua inachonunua leo. Na kodi ipo: ukiweka kwenye zile hazina za soko la fedha unazofungua kwa simu, riba inaongezwa yenyewe bila wewe kuomba, lakini serikali inakata asilimia 15 ya hiyo riba. Asilimia 10 inabaki 8.5, na hesabu yetu ya miaka 20 inashuka hadi karibu 630,000. Manze, asilimia moja na nusu imekula zaidi ya laki moja.

Utajuaje pesa yako iko upande gani? Chukua statementi za miaka miwili. Angalia salio la akiba la mwisho wa Desemba, halafu la baada ya riba kulipwa. Kama salio la akiba halikusonga, riba ilienda kwenye akaunti ya kutoa pesa, na labda uliitumia bila kujua. Kwenye sako nyingi unajaza fomu kuomba iingie kwenye akiba. Faida ya pembeni ni kwamba mkopo kwa kawaida hupimwa kwa akiba, mara nyingi hadi mara tatu. Ubaya ni kwamba hiyo akiba huitoi hadi ujiondoe kwenye chama, kwa hivyo pesa ya dharura iweke kwingine.

Mamangu alijaza hiyo fomu mwaka huu. Alinionyesha nusu tu ya riba ndiyo imerudi kwenye akiba. Nusu nyingine ilikuwa ya viatu vya mdogo wangu.