Rangi Inayopotea Kati ya Mianya Miwili

Tukipitisha mwanga wa jua la hapa Songea kwenye mwanya mmoja mwembamba, kisha kwenye mianya miwili iliyoachana kwa milimita 0.5, tunaona michirizi kwenye karatasi iliyo mbele kwa mita 1. Mchirizi wa katikati ni mweupe, kwa kuwa mawimbi ya rangi zote hufika hapo yakiwa yamesafiri umbali sawa. Tukisogea pembeni, urujuani, wenye wimbi fupi, hutangulia kuzimika. Ndiyo maana ukingo wa mchirizi huo huwa wa njano, kisha mwekundu.

Je, nukta iliyo milimita 1.8 kutoka katikati inakosa rangi gani? Tofauti ya njia ni 0.5 × 1.8 ÷ 1000, yaani milimita 0.0009 au nanomita 900. Rangi huzimika tofauti hiyo ikiwa nusu ya wimbi lake, wimbi moja na nusu, au mawili na nusu. Tunapata nanomita 1800, 600 na 360. Jicho huona takribani 400 hadi 700 tu. Basi iliyopotea ni 600, rangi ya chungwa. Buluu ya 450 hutimiza mawimbi mawili kamili, ikang'aa.

Tukiziba mwanya mmoja, chungwa hurudi: haikuwa imefyonzwa, bali mawimbi yake yalikuwa yakifutana.