Chanjo ya Idete: majibu mabaya yangebaki kwenye droo ingekuwaje?

Ukitoka Morogoro mjini ukaiacha milima ya Uluguru mgongoni, ukapita Mikumi na kukata kushoto kuelekea Kidatu, mwisho unafika Ifakara. Jirani na hapo kuna kijiji cha Idete. Mwaka 1994 kijiji hicho kilitajwa kwenye jarida la Lancet, moja ya majarida makubwa ya kitabibu duniani, kwa sababu ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66.

Chanjo hiyo ilitengenezwa Kolombia na timu ya daktari Manuel Patarroyo. Majaribio ya Amerika ya Kusini yalikuwa yametoa majibu ya kutia moyo, lakini swali lilibaki: itafanya kazi Afrika, mahali ambapo mtoto anaumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi kwa mwaka?

Watafiti wa Ifakara wakachukua watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Wengine walipata chanjo, wengine plasebo, yaani sindano isiyo na dawa. Jibu likawa kwamba chanjo imepunguza malaria kwa asilimia 31.

Sasa hapa ndipo pa kusoma polepole. Hiyo 31 haikuja peke yake. Ilikuja na wigo wake: kwa kuzingatia bahati, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na 52. Kwa lugha ya mtaani, jaribio lilifaulu kwa kugusa mstari tu.

Majaribio mengine yakafuata. Gambia, 1995, kwa watoto wachanga: asilimia 8, na wigo ukianzia chini ya sifuri. Thailand, 1996, kwa watoto zaidi ya 1,200: hasi 9, yaani waliochanjwa hawakupata nafuu yoyote. Halafu Ifakara yenyewe ikarudi uwanjani na watoto wachanga 1,207, ikatoa jibu lake mwaka 1999: asilimia 2. Kwa maneno mengine, hakuna kitu.

Ukiyaweka pamoja majaribio hayo matatu ya Afrika na kulipa kila moja uzito wa usahihi wake, jibu linashuka chini ya asilimia 10, na sifuri bado imo ndani ya wigo. Ni hesabu ya haraka tu, maana umri wa watoto haukuwa sawa, lakini picha inaonekana. SPf66 ikaachwa.

Jiulize kama Gambia, Thailand na Ifakara ya pili wangeona aibu, au wahariri wangesema "hii haina habari", na majibu yakafungiwa kabatini. Daktari anayesoma maandiko yote yaliyochapishwa kuhusu SPf66 barani Afrika angekuta jaribio moja tu, lenye asilimia 31. Hakuna aliyedanganya, hakuna namba iliyochezewa, na bado angekuwa amepotoshwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Rosenthal aliliita jambo hili tatizo la droo ya mafaili, mwaka 1979. Kinachochapishwa ni kile kilichofaulu. Kisichofaulu kinalala kwenye droo.

Wengi wakisikia hivyo hudhani hatari ni chanjo isiyofaa kabisa kupita kwa bahati. Hiyo ipo. Kwa kipimo kinachotumika kawaida, majaribio 40 ya dawa isiyo na kazi yatatoa kama moja linaloonyesha kwamba inafaa. Lakini kuna hatari ya pili iliyojificha zaidi, na namba za Idete zinaionyesha vizuri.

Tuseme kuna chanjo inayofanya kazi kweli, ila kidogo: asilimia 15. Timu saba zinaipima, kila moja kwa jaribio lenye ukubwa wa lile la Idete. Timu ikipata jibu sahihi kabisa, asilimia 15, wigo wake utashuka hadi chini ya sifuri, na itaambiwa haijathibitisha kitu. Ili ivuke mstari, jaribio la ukubwa huo lazima lionyeshe kama asilimia 31 au zaidi. Kwa hesabu yangu, timu moja kati ya saba itafika hapo, kwa kubebwa na bahati. Hiyo ndiyo itakayochapishwa. Kwa hiyo chanjo ya asilimia 15 itaingia vitabuni kama ya 31, na zile timu sita, ambazo nyingi zilikaribia ukweli zaidi, hazitasomwa na mtu.

Ni kama duka la pembejeo Mgeta linalobandika ukutani picha za mashamba yaliyostawi tu. Picha zote ni za kweli. Ila waliopanda mbegu ileile ikakauka hawakuombwa picha.

Mfano wa droo iliyofunguliwa tunao. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Erick Turner walikwenda kwenye kumbukumbu za mamlaka ya dawa ya Marekani, ambako kampuni zinalazimika kuwasilisha majaribio yao hata yakishindwa. Walikuta majaribio 74 ya dawa za sonona. Kwa tathmini ya mamlaka, 38 yalifaulu na 36 hayakufaulu au yalikuwa na mashaka. Katika yale 38, 37 yalichapishwa. Katika yale 36, matatu tu yalichapishwa yakisema ukweli huo. Mengine 22 hayakuonekana kabisa, na 11 yaliandikwa kana kwamba yamefaulu. Msomaji wa majarida aliona karibu kila jaribio limefanikiwa. Waliokuwa na mafaili waliona nusu.

Je, bila kufungua kabati unaweza kugundua? Mara nyingine. Watafiti huchora kila jaribio kama nukta, makubwa juu, madogo chini. Madogo huyumba zaidi, hivyo nukta zinapaswa kutawanyika kushoto na kulia kama funeli iliyogeuzwa. Kona ya chini upande wa majaribio madogo yaliyoshindwa ikiwa tupu, shaka inaanza. Lakini mchoro huo unahitaji majaribio kama kumi hivi. Kwa manne ya SPf66 usingeona lolote. Na kona inaweza kuwa tupu kwa sababu nyingine, kwa mfano majaribio madogo kufanyika kwa wagonjwa mahututi zaidi.

Dawa iliyo bora ni kusajili jaribio kabla mtoto wa kwanza hajachomwa sindano: unapima nini, kwa watu wangapi, utahesabu vipi. Tangu 2005 majarida makubwa ya kitabibu yanalidai hilo, na Afrika ina daftari lake la usajili, PACTR. Usajili hauilazimishi timu kuandika, ila unaacha alama. Mtu anaweza kuuliza: lile jaribio mlilosajili liko wapi?

Chanjo ya RTS,S ilipita njia hiyo. Jaribio lake kubwa lilisajiliwa mapema na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba, viwili vikiwa Bagamoyo na Korogwe, na vituo vyote vilihesabiwa pamoja, vilivyofanya vizuri na vilivyofanya vibaya. Majibu ya mwisho yalitoka 2015. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi ya nne, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36. Inakaribia ile 31 ya Idete, ila safari hii wigo ulikuwa mwembamba, kuanzia kama 32 hadi 40, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika.