Kilichoota Maabara na Kinachokusumbua Mwilini

Tumchukue mwanamke wa miaka 29 anayeuza vitenge Kariakoo. Mfano nimeuunda mwenyewe, lakini sidhani kuna mhudumu wa afya atakayesema mambo haya hajawahi kuyaona. Anataka kupata mtoto wa pili, haumwi popote, akaona aanze na chekapu. Akatolewa damu, akapimwa mkojo, akapigwa ultrasaundi, na kwa kuwa kimo kwenye kifurushi alicholipia, akafanyiwa pia kipimo cha ute wa ukeni, kile ambacho kwenye fomu huandikwa HVS.

Siku ya tatu akapewa karatasi. Kwenye darubini: chembe za fangasi, alama mbili za kujumlisha. Kwenye kuotesha: E. coli, wameota kwa wingi. Chini yake orodha ndefu ya antibiotiki, nyingine zimewekewa herufi S, yaani zinawaua wadudu hao, na nyingine R, yaani wamezizoea. Aliyempokea akaisoma karatasi, akachukua kalamu. Sindano za gentamaisini kwa siku 5, sipro asubuhi na jioni, flajili juu yake, na kidonge cha flukonazoli kwa ajili ya fangasi. Hakumuuliza kama anawashwa. Hakumuuliza kama uchafu unaotoka umebadilika rangi au harufu. Dada wa watu akaondoka akiamini amekuwa mgonjwa muda mrefu bila kujua.

Ili kuona kosa liko wapi, tuifuate ile pamba aliyopimwa nayo. Kijiti kikitoka ukeni huingizwa kwenye kichupa na kupelekwa maabara. Huko mtaalamu hukipaka pembeni mwa sahani yenye chakula cha vijidudu, mara nyingi kilichochanganywa na damu ya mnyama, kisha kwa waya mwembamba huutawanya ule ute kwa mistari, fungu la kwanza, la pili, la tatu. Kila fungu hupata vijidudu vichache kuliko lililotangulia. Sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwili, kwa siku moja hadi mbili. Vijidudu vikiota fungu la kwanza tu, majibu husema vimeota kidogo. Vikifika mpaka mafungu ya mwisho, husema vimeota kwa wingi. Kwa hiyo maneno “kwa wingi” yanaeleza kilichotokea juu ya sahani. Hayaelezi ukubwa wa ugonjwa.

Na sahani ina upendeleo wake. Ni kama shamba lililotiwa samadi: kinachoonekana mapema ni kile kinachopenda samadi. Bakteria wa E. coli, ambao makao yao ya kawaida ni utumbo, wakipata chakula na joto wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kichupa kikikaa nusu siku mezani kwenye joto la Dar es Salaam, wachache waliokuwemo wanakuwa wengi kabla hata hawajapakwa kwenye sahani. Wenyeji halisi wa ukeni, bakteria wanaoitwa laktobasili, huota kwa shida kwenye sahani nyingi za kawaida. Wale wasiopenda hewa hawaoti kabisa mpaka watengenezewe mazingira yao. Basi karatasi inaweza kumtaja mgeni mmoja kwa herufi kubwa na kuwanyamazia wenye nyumba.

Laktobasili ndio wanaoulinda uke. Hutengeneza tindikali inayofanya kipimo cha uchachu kiwe kati ya 3.8 na 4.5, hali ambayo vijidudu vingi vya magonjwa haviipendi. Ila hawaishi peke yao. Uke uko jirani na njia ya haja kubwa, hivyo E. coli, klebsiela na enterokoki hupitapita hapo, na bakteria wa ngozi pia. Fangasi aina ya kandida huishi kimya ukeni kwa wanawake 10 hadi 20 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, bila kuwasha wala kutoa uchafu. Kwa wajawazito ni wengi zaidi. Kijidudu kuwepo ni jambo moja, kijidudu kuumiza ni jambo lingine, na tofauti hiyo haionekani kwenye sahani. Anayeijua ni mwenye mwili.

Turudi kwa dada yetu. Dawa alizoandikiwa ziliwaua E. coli waliokuwa hawamdhuru, na zikawapunguza vibaya laktobasili. Kidonge kimoja cha flukonazoli hakikuwamaliza kandida wote. Siku chache baada ya kumaliza sipro akaanza kuwashwa sehemu za siri, ngozi ikawa nyekundu, akienda haja ndogo mkojo unamchoma unapopita nje, na ukatoka uchafu mweupe mzito unaofanana na maziwa yaliyoganda, usio na harufu. Ugonjwa huu hakwenda nao hospitali, ametoka nao huko. Akapimwa tena, karatasi ya pili ikasema kandida kwa wingi, na klebsiela.

Safari hii, kwa bahati, alimkuta nesi mzoefu ambaye aliiweka karatasi pembeni kwanza.

“Dada yangu, niambie wewe. Nini kinakusumbua?”

“Muwasho, nesi. Usiku silali.”

“Harufu?”

“Hakuna.”

“Tumbo la chini linauma? Homa? Damu baada ya tendo?”

“Hapana, hakuna hata kimoja.”

Akamchunguza, akaona wekundu na ule utando mweupe ukutani mwa uke. Sasa dalili na karatasi vilikuwa vinasema jambo moja kuhusu kandida, kwa hiyo akamtibu kandida: klotrimazoli ya kuweka ukeni usiku. Vidonge vya kumeza aliviacha, kwa kuwa mama huyu yuko mbioni kushika mimba, na flukonazoli ya kumeza huepukwa mwanamke akiwa mjamzito. Klebsiela akamwacha alivyo. Hakuwa na dalili hata moja inayoelekea kwake, na kumfukuza kungerudia kisa cha kwanza chote. Gentamaisini inaweza kudhuru masikio na figo; si dawa ya kumpiga mtu kwa sababu sahani imeota.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao huumiza vilevile. Mwanamke mwingine anakuja na malalamiko kamili: uchafu mwepesi wa kijivu, na shombo kama ya samaki inayozidi baada ya tendo la ndoa. Kipimo cha kuotesha kinarudi kikisema hakuna kilichoota, anaambiwa yuko salama, aongeze usafi. Anaanza kujiosha ndani kwa sabuni na maji ya ndimu, na hali inazidi. Huyu ana uwezekano mkubwa wa kuwa na vajinosisi ya bakteria, hali ambayo laktobasili wamepungua na kundi kubwa la bakteria wasiopenda hewa limechukua nafasi yao. Hakuna mdudu mmoja wa kumkamata. Hata gadnerela, anayetajwa sana, hupatikana kwa wanawake wengi wasio na shida yoyote. Ndiyo maana kuotesha si kipimo chake.

Kipimo chake ni rahisi zaidi, na tangu mwaka 1983, Amsel na wenzake walipoeleza vigezo vyao, kinaweza kufanyika hapohapo kliniki. Anayepima huangalia kama uchafu ni mwepesi wa kijivu uliotandaa sawasawa. Hugusisha karatasi ya kupima uchachu kwenye ute kuona kama imepita 4.5. Hudondosha tone la potashi kwenye ute uliopakwa kwenye kioo, akasikia kama shombo inapanda. Kisha hutazama kwa darubini seli za uke: zikiwa zimegandwa na bakteria kiasi kwamba kingo zake zimefifia kama zimenyunyiziwa mchanga, na ni seli moja au zaidi katika kila tano, hicho ni kigezo cha nne. Vitatu kati ya vinne vinatosha. Tiba ni metronidazoli, ileile flajili, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mwenye hali hii asiye na dalili kwa kawaida haanzishiwi dawa, isipokuwa kama anakaribia kufanyiwa baadhi ya upasuaji wa kizazi.

Haya yote yasichukuliwe kwamba karatasi ni ya kutupa. Wako wadudu ambao wakionekana hutibiwa hata kama mtu hajisikii chochote: kisonono, klamidia na trikomonasi, na mwenza wake hutibiwa pia. Hawa hudhuru kimyakimya, mirija ya uzazi ikaziba, au huambukizwa kwa mwingine. Hapa kuna mtego: HVS ya kawaida si kipimo kizuri cha kisonono, na klamidia haioti kabisa kwenye sahani hizo. Anayehitaji uhakika aulizie kipimo kinachotafuta vinasaba vya vijidudu. Mjamzito naye, karatasi yake ikitaja streptokoki wa kundi B, asiwe na haraka ya kumeza dawa siku hiyo. Ahifadhi majibu na awaonyeshe wakunga, kwa sababu antibiotiki yake hutolewa wakati wa uchungu ili kumkinga mtoto. Na maumivu ya tumbo la chini yenye homa hayasubiri sahani iote. Hayo hutibiwa siku hiyohiyo.

Kuotesha kuna thamani yake kubwa pale fangasi wanaporudi mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Hapo maabara iombwe itaje aina ya kandida, si kuandika tu kwamba chembe zimeonekana, kwa kuwa aina iitwayo glabrata mara nyingi haisikii flukonazoli. Ndipo pia sukari kwenye damu hupimwa, na hali ya virusi vya Ukimwi. Wengine katika kundi hili hugundulika hawana fangasi kabisa. Muwasho wao unatokana na sabuni, manukato ya pedi au ugonjwa wa ngozi, na wamekuwa wakipaka dawa ya fangasi miaka nenda rudi.

Dada wa Kariakoo alipoa ndani ya wiki. Aliuliza kama arudi kupimwa kuhakikisha wadudu wameisha. Nesi akamwambia hapana: kwa fangasi na vajinosisi, dalili zikiisha hakuna kipimo cha marudio, maana sahani ikiwekwa itaota tena kitu. Angekuwa na trikomonasi, angemtaka arudi baada ya miezi 3.