Chakula cha Wiki ya Kwanza kwa Mtoto wa Miezi Sita

Mama mmoja wa kikundi chetu alitujia na kijitabu cha kliniki mkononi. Mtoto wake wa kiume alikuwa na miezi sita na nusu, na mstari wa uzito wake ulikuwa umelala badala ya kupanda. "Na uji anakunywa mara tatu kwa siku!" akatuambia. Tulimwomba apike uji huo tukiona. Alitia unga kidogo katika maji mengi, maana mama mkwe alimwonya kwamba uji mzito utamsakama mtoto. Tulipouchota, ulimwagika wote kama chai.

Basi shida ilikuwa hapo. Tumbo la mtoto huyu halina nafasi ya kupita kikombe kimoja. Likijazwa maji, mtoto anashiba bila kupata nguvu, na hata kunyonya hataki tena. Chakula cha kumfaa ni kile ambacho ukiinamisha kijiko hakitiririki, bali kinadondoka polepole. Kikiwa kigumu mno, kilainishe kwa maziwa ya mama uliyokamua. Mtoto akae wima akila, wala asilishwe akiwa amelala; hivyo ndivyo tunavyomkinga asisakamwe.

Jambo la pili ni damu. Madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo yamepungua anapofika miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuyarudisha. Kwa hivyo ndengu, omena, nyama na maini visingoje mpaka aote meno. Chai msimpe, kwani inazuia mwili kupata madini hayo.

Hatukumwambia mama huyu anunue vyakula vya dukani. Tulipanga wiki nzima kutoka sufuria yake mwenyewe. Kila siku alitoa fungu la mtoto kabla ya kutia chumvi, mafuta mengi na viungo, akaliponda kwa uma. Tulianza na vijiko viwili au vitatu kila mlo, milo miwili kwa siku, na kunyonya kukaendelea kama kawaida, usiku na mchana.

Jumatatu: Asubuhi na jioni, uji mzito wa wimbi, bila sukari.

Jumanne: Asubuhi uji mzito. Jioni kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa.

Jumatano: Asubuhi ndizi mbivu iliyopondwa. Jioni kiazi kitamu na ndengu. Ndengu zichemshwe mpaka zipasuke, kisha zipondwe na kupitishwa kwenye chujio ili maganda yabaki.

Alhamisi: Asubuhi uji uliochanganywa na avokado. Jioni viazi na ndengu tena.

Ijumaa: Asubuhi uji mzito. Jioni malenge na kijiko kidogo cha unga wa omena. Omena wachaguliwe mchanga, waoshwe, wakaangwe bila mafuta mpaka wakauke, watwangwe na kuchekechwa, halafu unga wao uchemke pamoja na malenge.

Jumamosi: Asubuhi ndizi na avokado. Jioni viazi na yai lililochemshwa likaiva kabisa, kiini pamoja na ute.

Jumapili: Asubuhi uji mzito. Mchana, kama kuku amechinjwa, ini lake lipikwe mpaka lisitoe damu, lipondwe na wali laini.

Mtaona kwamba vyakula vipya haviingii vyote siku moja. Mtoto akitokwa na vipele au akitapika, mama anajua ni kipi cha kushuku. Uso ukivimba au akipumua kwa shida, ni hospitali mara moja. Lakini choo kubadilika rangi si ugonjwa. Na akitema chakula siku ya kwanza, hajakataa. Ulimi wake unajifunza tu. Mjaribuni tena kesho, msimlazimishe. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, hata ya kulamba.

Kilichobaki kwenye bakuli la mtoto kisiwekwe kwa mlo mwingine, kwa sababu mate yanakiharibu upesi.

Wiki zilizofuata aliongeza kidogo kidogo mpaka nusu kikombe kila mlo, na mlo wa tatu ukaingia. Alipopimwa tena kliniki, mstari ulikuwa umeanza kupanda. Kama mstari wa mtoto wako bado umelala hata baada ya kula chakula kizito kwa mwezi mmoja, usibadilishe unga tu nyumbani. Mrudishe kliniki, achunguzwe kama kuna ugonjwa.