Pakiti kumi za unga na mipaka ya wastani

Tuchukue kiwanda kinachofunga unga wa mahindi katika pakiti zilizoandikwa kilo 2. Mkaguzi hawezi kupima kila pakiti iliyofungwa siku hiyo, kwa hiyo anachukua kumi kwa bahati nasibu na kupima unga wake. Mizani inampa gramu 1,985, 2,004, 1,978, 1,992, 2,010, 1,969, 1,988, 1,996, 1,981 na 1,997. Wastani ni gramu 1,990. Je, mashine inawapunja wanunuzi?

Tusiharakishe kuihukumu. Mkaguzi angechukua pakiti nyingine kumi, wastani ungebadilika kidogo. Anachotaka kujua ni wastani wa pakiti zote za siku hiyo, nao hauonekani. Lililo mbele yake ni kukadiria wastani wa sampuli unaweza kuyumba kiasi gani kuuzunguka ule wa kweli.

Kinachomsaidia ni kwamba dalili ya kuyumba huko imo ndani ya data zilezile. Anatafuta tofauti ya kila pakiti na wastani, anazidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha anajumlisha na kupata 1,380. Jumla hiyo anaigawa kwa 9, yaani idadi ya pakiti ukitoa moja, halafu anatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni gramu 12.4 hivi. Huo ndio mkengeuko sanifu, unaoeleza jinsi pakiti mojamoja zinavyotofautiana. Wastani wa pakiti kumi huyumba kidogo zaidi, kwa sababu nzito na nyepesi hufidiana. Kwa hiyo anagawa 12.4 kwa kipeuo cha pili cha 10 na kupata gramu 3.92, ambazo huitwa kosa sanifu la wastani.

Sasa anahitaji kujua ajitanue kwa makosa sanifu mangapi kila upande. Wanafunzi wengi hukimbilia 1.96, namba ya mgawanyo wa kawaida. Namba hiyo ingefaa kama mkengeuko wa pakiti zote ungejulikana. Hapa umekadiriwa kwa pakiti kumi tu, na kadirio hilo nalo huyumba. Aliyelishughulikia tatizo hili ni William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyelazimika kufanya kazi kwa sampuli ndogo. Mwaka 1908 alichapisha suluhisho lake kwa jina la “Student”, na kutoka kwake tuna jedwali la t. Kwa pakiti kumi tunasoma mstari wa 9, na kwa kiwango cha asilimia 95 tunapata 2.262. Angetumia 1.96, njia yake ingefanikiwa kama mara 92 tu kwa kila 100, huku akidhani ni 95.

Anazidisha 2.262 kwa 3.92 na kupata gramu 8.9. Mipaka ya kuaminika ya wastani, basi, ni kutoka gramu 1,981.1 hadi 1,998.9. Gramu 2,000 ziko nje, na hiyo ni dalili nzuri kwamba kwa wastani mashine inajaza pungufu.

Hizo asilimia 95 ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko yote. Wapo wanaosoma kwamba asilimia 95 ya pakiti zina uzito ulio kati ya mipaka hiyo. Rudi kwenye orodha uhesabu: pakiti tano kati ya kumi ziko nje. Mipaka hii inauhusu wastani, haizihusu pakiti mojamoja.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni kusema kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani wa kweli uko kati ya 1,981.1 na 1,998.9. Wastani wa kweli ni namba moja iliyotulia. Ama umo humo ama haumo. Kinachobadilika kila mara ni mipaka yenyewe, kwa kuwa inatokana na sampuli. Jerzy Neyman, aliyeijenga nadharia hii mwaka 1937, aliziweka asilimia kwenye njia ya kuhesabu: ukichukua sampuli nyingi mno na kuchora mipaka kwa kila moja, karibu 95 kati ya kila 100 zitauzunguka wastani wa kweli. Yetu ni mojawapo, na hatujui imeangukia kundi gani.

Ukitaka kiwango cha asilimia 99, jedwali linakupa 3.250 na mipaka inapanuka kuwa 1,977.3 hadi 2,002.7. Sasa gramu 2,000 zimo ndani! Ndiyo maana kiwango huamuliwa kabla ya kupima. Anayekichagua baada ya kuona jibu anachagua jibu. Anayetaka mipaka myembamba bila kushusha kiwango aongeze pakiti, ila ajue kwamba kupunguza upana kwa nusu kunadai pakiti takribani mara nne.

Pia chora nukta kumi kwenye mstari kabla ya kukokotoa. Pakiti moja iliyopasuka na kubaki na gramu 1,700 ingevuta wastani chini na kufumua mkengeuko, na kwa sampuli ndogo jedwali la t halivumilii hilo vizuri. Hatari kubwa zaidi haionekani kwenye mchoro. Kama pakiti zote kumi zilitolewa kwenye robota moja lililofungwa asubuhi, mashine ikiwa haijapata moto, hesabu itatoka safi na mipaka itakuwa myembamba, lakini itakuwa inaeleza asubuhi hiyo tu. Fomula haijui pakiti zimetoka wapi, muulize aliyezichukua.