Binti wa saa tano na binti wa saa sita

Tuchukue mabinti wawili waliozaliwa wodi moja usiku mmoja, wa kwanza saa 5:50 na wa pili saa 6:20. Watu wa pwani wangesema wote ni wa usiku wa Jumanne, kwa kuwa kwetu siku huingia jua likizama. Cheti cha kuzaliwa hubadilisha tarehe saa 6 usiku: mmoja ni wa 29 Oktoba 2007, mwenzake wa 30 Oktoba.

Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu 29 Oktoba 2025, na Katiba inampa kura raia aliyetimiza miaka 18. Wa kwanza alitimiza siku hiyohiyo. Wa pili je?

Toa tarehe ya kuzaliwa katika tarehe ya uchaguzi, ukianza na siku. Katika 29 huwezi kutoa 30, basi kopa mwezi. Unaokopwa ni uliotangulia, Septemba, wenye siku 30: 59 toa 30, zinabaki 29. Miezi 10 imebaki 9. Kopa mwaka iwe 21, toa 10, inabaki 11. Mwaka 2025 umebaki 2024. Toa 2007, unapata 17. Ana miaka 17, miezi 11 na siku 29. Hapigi kura.

Anayepiga hesabu kwa kugawanya siku kwa 365 atampa kura kimakosa. Binti huyo alikuwa ameishi siku 6,574, na 365 mara 18 ni 6,570 tu. Miaka mirefu mitano, kuanzia 2008 hadi 2024, ndiyo iliyoongeza siku.

Hata kukopa kuna mtego wake. Aliyezaliwa 31 Januari 2007 ana umri gani 1 Machi 2025? Februari inakopesha siku 28, zinakuwa 29, na bado 31 haitoki. Wengine huhesabu mwezi wake umetimia 28 Februari na kuongeza siku moja, wengine hawakubali. Ugomvi huo hauigusi sheria, kwa sababu yenyewe huuliza miaka kamili tu: je, siku na mwezi wa kuzaliwa vimefika mwaka huu? Saa ya kuzaliwa haiulizwi.

Sheria zenyewe, hata hivyo, hazikubaliani siku ipi umri unatimia. Uingereza mtu alihesabiwa kuutimiza siku moja kabla, mpaka sheria ya 1969 ilipoupeleka kwenye siku yenyewe ya kumbukumbu ya kuzaliwa. Japani, kwa sheria ya 1902, mwaka wa umri hukamilika siku ya kabla inapokwisha. Kwa hiyo mtoto wa 1 Aprili, siku mwaka wa shule unapoanza, huingia darasani na waliomtangulia, na wa 2 Aprili husubiri mwaka mzima.

Aliyezaliwa 29 Februari 2008 naye alikosa tarehe yake 2026. Hong Kong humpa miaka 18 tarehe 1 Machi, Taiwani 28 Februari.